Nyuzi za pinki kwenye slaidi: kano, misuli laini au neva?

Swali: "Nina mtihani wa vitendo wa histolojia. Epithelia nazitambua vizuri, gegedu na mfupa havinisumbui. Tatizo langu ni slaidi zenye nyuzi nyuzi za pinki. Kano, misuli laini, neva, hata misuli ya moyo, zote naziona kitu kimoja. Kwenye kituo nina dakika moja na nusu tu. Nianzie wapi?"

Anzia kwenye kiini cha seli, uachane na rangi. Kwenye slaidi yoyote yenye nyuzi za pinki jiulize kwanza: kiini kiko ndani ya pinki, au kimekaa pembeni, katikati ya uzi na uzi? Ukilijibu hilo kwa uhakika, tishu nyingi ulizozitaja zinaachana zenyewe.

Rangi haikusaidii kwa sababu ya jinsi himatoksilini na eosini zinavyofanya kazi. Himatoksilini inashika viini na kuvipa bluu ya zambarau. Eosini inashika protini karibu zote zilizobaki, na haibagui sana kama protini hiyo ni kolajeni iliyo nje ya seli au nyuzi za misuli zilizo ndani ya seli. Kwa hiyo kano na misuli vyote vinatoka pinki, na ukolezi wa pinki hiyo unategemea slaidi ilikaa muda gani kwenye eosini na ilioshwaje baadaye. Mwanafunzi aliyekariri kwamba misuli ni pinki iliyokoza na kolajeni ni pinki nyepesi atafaulu kwenye seti moja ya slaidi na kuanguka kwenye seti nyingine. Kama slaidi ni ya trikromu ya Masoni mambo ni mepesi: misuli inakuwa nyekundu na kolajeni inakuwa bluu au kijani. Lakini usiende mtihanini ukitegemea kupewa hiyo.

Sasa fikiria pinki yenyewe imetengenezwa na nini. Kwenye kano, pinki ni kolajeni iliyomwagwa nje na faibroblasti. Seli zenyewe ni chache, zimebanwa katikati ya mafungu ya kolajeni mpaka zimekuwa bapa. Ndiyo maana kwenye mkato wa urefu viini vya kano vinaonekana kama vistari vyembamba vyeusi, vimejipanga mistari mistari, na pande zake zote mbili kuna pinki tupu isiyo na kiini. Kwenye misuli, pinki ni saitoplazimu. Kiini ni mali ya pinki hiyo hiyo, kwa hiyo lazima kiwe ndani yake: katikati kabisa kwenye misuli laini na misuli ya moyo, ukingoni chini ya utando wa seli kwenye misuli ya mifupa. Kwenye neva, uzi wa pinki ulio katikati ni aksoni, ambayo ni mkono tu wa seli iliyo mbali, kwenye uti wa mgongo au kwenye ganglioni. Viini unavyoviona ndani ya neva si vya aksoni. Vingi ni vya seli za Shwani zilizoizunguka, na vilivyobaki ni vya faibroblasti na vya kuta za kapilari.

Ukishaelewa hivyo huna haja ya kukariri picha, maana picha ya kitabuni ni ya mkato mmoja mzuri, na slaidi ya mtihani inaweza kuwa imekatwa upande wowote.

Misuli laini ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo tukae nayo. Kwenye mkato wa urefu, kiini chake ni kirefu chenye ncha butu, kama sigara, na kwa kawaida ni cheupe kidogo kuliko kile cha kano: ukikilenga vizuri unaona chembechembe za kromatini ndani yake, wakati kiini cha kano kimebanwa mpaka ni weusi mtupu. Mipaka ya seli moja na nyingine huioni vizuri, unaona bahari ya pinki yenye sigara nyingi zilizolala upande mmoja. Kama misuli ilikuwa imejikunja wakati kipande kinawekwa kwenye fomalini, viini navyo vinajikunja na kuonekana kama skrubu ya kuzibulia chupa. Alama hiyo ikiwepo, hutakosea: kano haina.

Kwenye mkato wa kukingama, misuli laini inabadilika kabisa, na hapa ndipo watu wanaandika majibu ya ajabu. Unaona viduara vidogo vya pinki, vingine vikubwa kidogo, vingine vidogo sana, na vingi havina kiini. Mtu anajiuliza, hizi ni seli gani zisizo na viini? Piga hesabu. Chukua seli ya misuli laini ya utumbo yenye urefu wa mikromita 200 hivi. Kiini chake tuseme kina urefu wa mikromita 20. Slaidi imekatwa kwa unene wa mikromita 5 hivi. Kisu kikipita mahali popote kwenye urefu huo wa 200, nafasi ya kukiangukia kiini ni kama moja kwa kumi. Kwa hiyo viduara tisa kati ya kumi kutokuwa na kiini ndivyo inavyotakiwa kuwa. Na ukubwa unatofautiana kwa sababu seli ni nene katikati na nyembamba miishoni: kisu kilichopita katikati kinatoa duara kubwa, na mara nyingine kiini ndani yake, kilichopita karibu na ncha kinatoa kiduara kidogo kisicho na kiini. Tafuta uhusiano huo. Viduara vyenye kiini viwe ndivyo vikubwa, na kiini kiwe katikati. Ukiuona, andika misuli laini bila wasiwasi.

Hapo hapo kuna rula ya bure kwenye slaidi, nayo ni chembe nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni kama mikromita 7. Karibu kila slaidi ina kapilari au vena yenye chembe kadhaa ndani. Kiduara cha misuli laini kinakaribiana na chembe hiyo au ni kidogo kuliko yenyewe. Uzi wa misuli ya mifupa ukikatwa kukingama unaweza kufika mikromita 50 na zaidi, yaani ungepanga chembe saba mstari mmoja toka ukingo mpaka ukingo. Kwa hiyo hata kama huoni milia, na kwenye mkato wa kukingama huwezi kuiona, ukubwa peke yake unazitenganisha hizi mbili. Ongeza na kiini: kwenye misuli ya mifupa kiko ukingoni, na mara nyingi kuna zaidi ya kimoja kwenye mkato mmoja.

Milia nayo ina mtego wake. Umbali kati ya mlia na mlia ni kama mikromita 2 hadi 2.5, hivyo chembe nyekundu moja inafunika milia mitatu hivi. Kitu kidogo namna hiyo hakionekani kwa lenzi ya mara 4, wala usikitafute kwa lenzi ya mara 10. Nenda lenzi ya mara 40, kisha funga kidogo dayaframu ya kondensa mpaka kontrasti ipande, halafu zungusha skrubu ndogo ya kulenga taratibu mbele na nyuma. Wengi wanaiacha dayaframu wazi kabisa, mwanga unamwagika, milia inafutika, na misuli ya moyo inaandikwa kuwa misuli laini. Lakini ukiifunga kupita kiasi kila ukingo unapata kivuli, na hapo unaanza kuona milia hata kwenye kano. Kipimo changu ni hiki: mlia wa kweli unaishia kwenye ukingo wa uzi wake, na uzi wa jirani una milia yake isiyolingana sawasawa na ile ya kwanza. Mistari inayovuka nyuzi zote, tishu ya jirani na hata mshipa wa damu bila kujali mipaka, hiyo ni alama ya kisu cha mikrotomu kilichotetemeka.

Misuli ya moyo nitaipita haraka. Ina milia, lakini kiini kiko katikati, na pande zake mbili kwenye mkato wa urefu kuna kieneo cheupe kidogo ambako nyuzi za milia zinakipisha kiini. Nyuzi zinagawanyika na kuungana tena. Zile diski zinazounganisha seli na seli ni ushahidi mzuri ukiziona, mistari iliyokoza inayokata uzi kama ngazi, ila kwa himatoksilini na eosini mara nyingi ni hafifu. Usipoteze dakika nzima ukizitafuta wakati kiini cha katikati na matawi yameshakupa jibu.

Neva inastahili nafasi zaidi, kwa sababu wanafunzi hufundishwa kwamba neva ina mawimbi, na wanaishia hapo. Ni kweli ina mawimbi, maana mwilini ina urefu wa akiba wa kukiruhusu kiungo kikunjwe na kunyooshwa bila kukatika. Lakini kolajeni ya kano nayo ina mikunjo yake ikiwa haijavutwa, na misuli laini iliyojikunja ina viini vya mawimbi. Mawimbi yanakuambia uifikirie neva, hayathibitishi. Kinachothibitisha ni mayelini, au tuseme pengo lililoachwa na mayelini. Mayelini ni mafuta kwa sehemu kubwa. Slaidi ya kawaida inapoandaliwa, kipande kinapitishwa kwenye alkoholi na zailini kabla ya kuingizwa kwenye nta ya parafini, na vyote viwili vinayayeyusha mafuta. Kinachobaki ni wavu mwembamba wa protini. Kwa hiyo neva kwa mkato wa urefu haina pinki iliyojaa kama misuli au kano: ina sura ya povu, imefifia, na ndani ya povu unaona uzi mwembamba wa pinki unaopita, ambao ndio aksoni. Kwa mkato wa kukingama utaona viduara vyeupe, kila kimoja na nukta ya pinki katikati, na hapa na pale kiini kilichojipinda kama mwezi mchanga kando ya kiduara. Nukta ndani ya duara jeupe: hiyo ndiyo picha ya kushika.

Kisha toka nje ya nyuzi utafute ukuta. Kila fungu la neva limefungwa na perinyuriamu, tabaka kadhaa za seli bapa zinazolizunguka kwa mpaka safi, kama kamba zilivyofungwa pamoja ndani ya mpira. Kano nayo ina mafungu na ala zake za kolajeni, lakini hizo ni legelege na haziko safi hivyo. Na neva mara nyingi husafiri na ateri na vena, kwa hiyo ukiona mishipa ya damu miwili na kitu cha tatu cha mviringo kisicho na uwazi ndani, kitazame vizuri.

Sasa tufanye slaidi moja pamoja. Haina jina. Kwa lenzi ya mara 4 unaona mafungu ya pinki yaliyotawanyika bila mpangilio, mengine yamelala, mengine yamesimama, na katikati yake kuna mistari ya pinki nyingine na mapengo meupe. Hakuna uwazi wala epithelia kwenye uwanja wa kuonea. Mshale unaonyesha fungu moja lililosimama.

Kwa lenzi ya mara 10 unaona kwamba mafungu yaliyolala yamejaa viini vingi vilivyoelekea upande mmoja. Hilo tayari linaitilia shaka kano, ambayo viini vyake ni vichache na nyuzi zake zinakwenda njia moja. Fungu la mshale lina nukta za bluu zilizotawanyika. Usijibu bado.

Kwa lenzi ya mara 40, fungu la mshale ni viduara vya pinki vilivyobanana. Kando yake kuna kapilari yenye chembe nyekundu mbili, unapima kwa macho: viduara vingi ni vidogo kuliko chembe hizo. Misuli ya mifupa imetoka. Vichache vina kiini, na kila chenye kiini ni kikubwa na kiini kiko katikati. Je, inaweza kuwa neva? Kwenye neva pinki ingekuwa nukta ndani ya weupe, na hapa pinki imejaza duara zima. Tena hakuna perinyuriamu, kuna kolajeni nyembamba tu inayoingia katikati ya mafungu. Unasogea kwenye kolajeni hiyo: ni pinki isiyo na umbo la seli, inameta kidogo ukicheza na skrubu ndogo, na viini vyake ni vistari vyeusi vilivyokaa kando ya uzi. Hapo una vitu viwili vya pinki mikromita chache tu toka kimoja hadi kingine, na umeviachanisha kwa kiini peke yake. Jibu ni misuli laini, mkato wa kukingama. Mafungu yanayokwenda kila upande yanafanana na ukuta wa kibofu cha mkojo au wa mji wa mimba, lakini kama swali linauliza tishu tu, usiingize kiungo ambacho hujakithibitisha.

Kwenye vituo vingi hutaruhusiwa kusogeza slaidi wala kubadili lenzi, unaachiwa skrubu ndogo tu. Basi fanya hivi: zungusha kwanza mpaka viini viwe vikali, maana kilicho juu ya uzi na kilicho ndani ya uzi huachana kwa kulenga. Kiini kilicho ndani ya seli ya misuli kinakuwa kikali pamoja na saitoplazimu iliyokizunguka. Kiini cha faibroblasti kilicholala juu ya uzi kinakuwa kikali kwa kimo kimoja na uzi kwa kimo kingine. Si kila mara utaiona tofauti hiyo kwenye mkato mwembamba, lakini ikionekana ni ya kuaminika.

Mkato wa mshazari ndio adui. Misuli laini ikikatwa mshazari inatoa viini vya yai, vifupi, visivyo sigara wala nukta, na wengine wanaiita epithelia. Fuata fungu hilo mpaka ukingoni mwake: mara nyingi nyuzi zinapinda, na mbele kidogo utapata mahali zimelala vizuri. Epithelia, kwa upande mwingine, lazima iwe na uso mmoja ulio wazi au njia ndani ya tezi, na upande wa pili utando wa msingi. Pinki isiyo na uso wa wazi popote haiwezi kuitwa epithelia kirahisi. Na kuna mahali hata jicho zoefu linasita: kijineva kidogo kisicho na mayelini karibu na ukanda mwembamba wa misuli laini. Hapo povu halipo la kukusaidia. Angalia ukuta wa perinyuriamu na ukolezi wa pinki: misuli imejaa zaidi, neva imefifia na nyuzi zake ni nyembamba mno.

Kwa mazoezi, slaidi mbili zinatosha kuliko seti nzima. Ya kwanza ni ulimi, kwa sababu misuli yake ya mifupa inakwenda pande tatu, kwa hiyo kwenye kipande kimoja una mkato wa urefu, wa kukingama na wa mshazari, na katikati kuna kolajeni, mishipa ya damu na vineva. Ya pili ni utumbo mwembamba. Ukuta wake una tabaka mbili za misuli laini, ya ndani ikizunguka na ya nje ikienda kwa urefu, hivyo popote ulipokata, moja itakuwa imelala na nyingine imesimama. Katikati ya tabaka hizo mbili tafuta visiwa vyeupe vyenye seli kubwa zenye kiini cha mviringo na nukta iliyokoza ndani yake: hizo ni seli za neva za fungu la Auerbach. Funika jina la slaidi kwa karatasi, chora kiduara cha pinki na uweke kiini mahali ulipokiona, kisha ndipo uandike jina. Ukichora kabla ya kutaja, mkono unalazimisha jicho kuangalia.

Na kwenye karatasi ya majibu, andika tishu, andika mkato, kisha sababu mbili ambazo msahihishaji akiinama kwenye hadubini hiyo hiyo ataziona. Kwa slaidi yetu ya juu: "Misuli laini, mkato wa kukingama. Viduara vya ukubwa tofauti, vidogo kuliko au sawa na chembe nyekundu. Vichache vina kiini, nacho kiko katikati." Sababu kama "haiongozwi na hiari" ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kuiona kwenye slaidi.